Kusi Likivuma Kwenye Maiki

Unamhoji mvuvi ufukweni Bagamoyo mwezi Julai, upepo wa kusi umekaza. Masikioni mwako maneno yake yanafika bila taabu. Ukisikiliza rekodi ya simu, unakuta mvumo mzito umemmeza.

Sehemu kubwa ya mvumo huo imezaliwa kwenye maiki yenyewe. Ndani yake mna utando mwembamba unaotikiswa na sauti. Upepo ukigonga maiki hujisokota, na misukosuko hiyo huusukuma utando kwa nguvu kuliko sauti ya mtu. Kwa hiyo kazi ni kuuzuia upepo usiufikie utando, huku sauti ikipita.

Sponji inayouzwa pamoja na maiki ndogo ya nguo hutosha kwa pumzi na upepo mwepesi tu. Kwa kusi unahitaji manyoya marefu ya bandia, yanayoupunguza upepo kasi hatua kwa hatua. Unaweza kushona kifuniko mwenyewe, lakini kwanza weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi isipopenya, sauti nayo itafifia. Kisha mwketishe mzee nyuma ya ubavu wa mtumbwi, maiki ikae kifuani, kama sentimita 20 chini ya kidevu. Vaa hedifoni. Sauti ikikwaruza na kipimo kikigonga juu kabisa, punguza kiwango papo hapo, kwani sauti iliyokatika vilele haitengenezeki vizuri baadaye.

Wengi hapo hukimbilia ndani, na kukuta balaa la pili: chumba kitupu chenye kuta za saruji na sakafu ya vigae. Piga kofi moja. Ukisikia mlio unaning'inia baada yake, hata maneno yatafanya hivyo. Ukuta ulio mita 3 kutoka kwa msemaji humrudishia sauti yake kwa chini ya sehemu 2 za mia za sekunde, mapema mno kusikika kama mwangwi kamili, ila inatosha kuyatia maneno ukungu.

Dawa ya kwanza haina gharama: sogeza maiki. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya moja kwa moja hupanda kama desibeli 6, ilhali mrejeo wa chumba haubadiliki sana. Kutoka sentimita 80 hadi 20 unapata takriban desibeli 12. Halafu tundika mablanketi mazito mbele na nyuma ya msemaji, yaache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, au simamisha godoro. Trei za mayai, zinazopendwa sana kwenye studio za mtaani, hufanya kidogo mno. Kanga moja pia ni nyepesi.

Piga kofi tena. Mlio mkali ukiwa umekufa lakini sauti nzito bado inanguruma, mwondoe msemaji kwenye kona. Jenereta la jirani, hata hivyo, blanketi haliliwezi, subiri lizimwe.