Aliyeuza nyanya asiseme hana tajriba

Kuna sentensi moja ambayo vijana wetu huiandika katika maombi ya kazi kwa mkono wao wenyewe, kisha ikawafungia mlango: "Sina tajriba yoyote ya kazi." Huiandika kijana aliyekesha akipima unga katika duka la baba yake tangu darasa la sita. Huiandika binti aliyeshika kibanda cha mama yake sokoni kwa miaka miwili baada ya mtihani wa kidato cha nne. Katika nchi ambamo zaidi ya wafanyakazi wanane kwa kila kumi wamo katika sekta ya jua kali, sentensi hiyo aghalabu si ya kweli.

Nimewahi kuketi katika majopo ya shule yanayowahoji waombaji wa nafasi za karani wa stoo na msaidizi wa mhasibu. Nilichokiona huko ni kwamba wanajopo hawaidharau kazi ya kibanda kama wengi wanavyodhani. Wanachokidharau ni maneno yasiyoshikika. Yuko anayesema, "Nilimsaidia mama sokoni," akanyamaza. Yuko mwingine aliyeshauriwa vibaya, naye hujiita Meneja Mkurugenzi wa kampuni ya familia. Wa kwanza hatoi chochote cha kupimwa. Wa pili huulizwa kampuni hiyo ina wafanyakazi wangapi na imesajiliwa wapi, na katika jibu la pili jasho huanza kumtoka.

Hebu tumtazame binti mmoja aliyeomba kazi ya karani wa stoo katika shule ya bweni. Cheti chake kilikuwa cha kidato cha nne tu, na kazi aliyoifanya ni kuuza nyanya katika soko la Kongowea, Mombasa. Mwenyekiti alimuuliza, "Haya binti, tueleze ulichokuwa ukifanya huko."

Binti hakuanza kwa sifa. Alianza kwa kreti. Alieleza kwamba kila wiki walinunua kreti tatu kwa dalali, kila moja shilingi 4,000. Mkokoteni ulitoza 150 kwa kila kreti, na ushuru wa kaunti ulikuwa 50 kwa kila siku ya soko, siku sita kwa wiki. Jumla ya gharama ilikuwa shilingi 12,750. Kreti moja ilitoa mafungu 110 ya shilingi 50, yaani mafungu 330 kwa wiki iwapo hakuna nyanya iliyoharibika. Lakini ziliharibika. Alipoanza kuandika katika daftari, aligundua kwamba kiasi cha mafungu 45 yalitupwa kila wiki. Yaliyouzwa yalikuwa 285, yakaleta shilingi 14,250, na faida ikawa 1,500 tu.

Hapo ndipo wanajopo walipoinua vichwa. Mmoja alimuuliza zilioza kwa nini. Alijibu kwamba kreti zote zilinunuliwa Jumatatu, hivyo nyanya za chini zilikandamizwa na zile za juu hadi katikati ya wiki, na moja iliyopasuka ikaziambukiza jirani zake. Alimwomba mamake wanunue kreti moja Jumatatu, moja Jumatano, na moja Ijumaa. Kila kreti ilipofika aliimwaga juu ya gunia siku iyo hiyo, akazichambua: zilizoiva mbele, zilizopiga rangi nusu nyuma. Baada ya mwezi mmoja zilizotupwa zilishuka hadi mafungu 18 kwa wiki. Bei ya kununulia ilikuwa haijabadilika. Mauzo yakawa shilingi 15,600, na faida 2,850.

Mwalimu anayesoma haya ataona mara moja kwamba binti huyu alieleza kazi ya karani wa stoo bila kulitaja neno stoo. Alipokea bidhaa, akazihesabu, akazitoa za zamani kabla ya mpya, akaandika zilizoharibika na kutafuta sababu. Shule ya bweni hununua kabichi, nyanya na maharagwe, na hasara yake huanzia palepale pa kibanda. Mwombaji aliyeijua kadi ya stoo kitabuni tu hakuweza kusema afanye nini mzigo unapofika ukiwa umelowa.

Tena hakuficha asichokijua. Alipoulizwa kama amewahi kutumia leja, alisema hapana, ila daftari lake lilikuwa na safu tatu: zilizoingia, zilizotoka, zilizosalia. Jibu hilo lilitosha, maana lilionyesha mahali ujuzi wake unapokomea.

Swali lililobaki ni la ushahidi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kibanda hakitoi barua yenye muhuri. Mama naye, hata awe mkweli namna gani, hawezi kuwa mdhamini wa mwanawe mbele ya jopo. Atafutwe mtu wa nje aliyeshughulika naye kwa pesa: dalali aliyemuuzia, mwenye hoteli aliyenunua kwake kila asubuhi, au mweka hazina wa chama alichochangia. Karatasi nazo zipo kuliko tunavyofikiri. Kuna risiti za ushuru wa kaunti, daftari la wakopaji, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya wiki kwa wiki. Ambaye hakuwahi kuandika lolote anaweza kuketi na taarifa hiyo akakadiria manunuzi na mauzo yake. Lakini aseme wazi kwamba ni makadirio. Tarakimu nzima nzima, kama "faida ya 10,000 kila mwezi bila kukosa", humtia mhoji shaka, kwa sababu kila anayelijua soko anajua kwamba bei ya nyanya haitulii.

Binti yetu aliulizwa hilo pia: bei ya kreti ikipanda je? Alisema bei ya fungu hubaki 50, ila nyanya hupungua kutoka tano hadi nne, na mteja wa kila siku huambiwa kabla hajafungua mkoba. Jibu kama hilo halikaririwi usiku wa kuamkia mahojiano.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kibanda hakimfanyi mtu mhasibu, na mahali sheria inapodai cheti, cheti ndicho kitakachotazamwa. Fundi wa gereji au fundi cherehani aliyejifunzia kazini ana njia nyingine: anaweza kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Muuza nyanya hana mtihani wa namna hiyo, kwa hiyo hesabu zake ndizo cheti chake. Walimu wa somo la biashara wangeweza kuwapa wanafunzi zoezi moja wakati wa likizo: wahesabu wiki moja ya duka la nyumbani, pamoja na kilichoharibika na kilichokopeshwa kisilipwe.

Jopo lilipomaliza, mwenyekiti alimpigia simu dalali aliyetajwa katika maombi. Hakumuuliza kama binti ni mchapakazi, maana hilo kila mdhamini hulikubali. Alimuuliza alilipaje. Dalali alijibu, "Hulipa kabla sijadai, na siku akipungukiwa huniambia asubuhi, si jioni." Alianza kazi Jumatatu iliyofuata, kwa majaribio ya miezi mitatu.