Kwa nini kiungulia huzidi ukilala mara tu baada ya kula

Msikilizaji, mchukue mkulima wa hapa Buigiri wakati wa palizi. Mchana hakula cha maana shambani. Saa 2 usiku anaketi mbele ya ugali wa uwele na mlenda, anakula mpaka tumbo linajaa, na saa 2 na nusu yuko kitandani. Usingizi haujakolea, kifua kinawaka katikati na maji makali yanapanda kooni. Wengi husema moyo unaungua, lakini moyo haumo kabisa.

Kinachoungua ni umio, bomba linaloshusha chakula tumboni. Chini kabisa, linapoungana na tumbo, pana msuli wa mviringo. Ukimeza unalegea, chakula kikishapita unajikaza tena. Ndani ya tumbo mna tindikali kali ya kusaga chakula, na ukuta wa tumbo una ute mzito wa kuukinga. Umio hauna kinga kama hiyo, ndiyo maana tindikali kidogo ikipanda unasikia moto.

Tumbo likijaa sana hutanuka, na kutanuka huko huufanya ule msuli ulegee kwa sekunde kadhaa hata kama humezi. Hutokea kwa kila mtu, ndivyo tunavyocheua. Ukiwa umekaa, hewa iko juu na tindikali chini, hivyo hutoka hewa. Ukilala chali, tindikali inalala usawa wa mlango. Msuli ukilegea inapita, na hakuna cha kuirudisha chini. Isitoshe, mchana tunameza mate kila mara na mate huosha umio. Usingizini mate hupungua na kumeza huwa kwa nadra, kwa hiyo tindikali inakaa pale muda mrefu ikiunguza.

Mkulima wetu angesubiri kama saa 3 kabla ya kulala, sehemu kubwa ya chakula ingekuwa imeshuka kwenye utumbo. Najua kukesha hadi saa 5 baada ya jembe si rahisi. Afadhali ale vizuri mchana, na jioni ale kidogo mnamo saa 12. Vyakula vya mafuta mengi, kama chipsi, hukaa tumboni muda mrefu zaidi.

Kitandani, weka matofali chini ya matendegu ya kichwani, yainuke kama shibiri moja. Kurundika mito hakusaidii sana, kwani mwili hukunjika kiunoni na tumbo kubanwa. Anayelala kwenye mkeka alalie ubavu wa kushoto: tumbo limepinda upande huo, tindikali hubaki chini ya mlango.

Kiungulia kikirudi kila wiki, au chakula kikikwama unapomeza, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda kituo cha afya. Na maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, usiyaite kiungulia. Hapo huenda ni moyo kweli, wahi hospitali saa hiyohiyo.