C32 Kwenye Picha: Breka Inasema Nini, Waya Unasema Nini

Breka ya umeme ya nyumbani, ile fundi anayoiita sakiti breka, ina maandishi machache usoni, na picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa kutosha huyaonyesha yote. Kwa kawaida huonekana C32 kwa herufi kubwa, kisha 230/400V~, kisha 6000 ndani ya kisanduku, na mara nyingi tarakimu 3 ndani ya kisanduku kingine kidogo. Kinachoeleza mzigo ambao breka imekusudiwa kuubeba siku zote ni kimoja tu kati ya hivyo, nacho ni 32, yaani ampea 32.

Herufi C inahusu shoti, si mzigo wa kawaida. Breka ya aina hii hukata papo hapo mkondo unapofika kati ya mara tano na mara kumi ya ampea zake, kwa hiyo C32 huruka mara moja mahali fulani kati ya ampea 160 na 320. Yenye herufi B huwahi zaidi, kati ya mara tatu na tano. Namba 6000 ndiyo inayopotosha wengi, kwa kuwa hudhaniwa ni wati. Hizo ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila yenyewe kupasuka. Ile 3 ya pembeni huhusu wepesi wa breka katika kubana nguvu ya shoti, na haiingii katika hesabu ya mzigo.

Jambo lisiloandikwa popote usoni ni kwamba breka ya ampea 32 haizimi mkondo ukifika 32. Kwa kiwango cha IEC 60898, ambacho namba yake huchapwa kwenye breka nyingi za nyumbani, mkondo uliozidi kwa asilimia 13 hautakiwi kuizima ndani ya saa nzima. Uliozidi kwa asilimia 45 ndio lazima uizime kabla saa haijaisha. Kwa C32, hiyo ni kusema ampea 36 zinaweza kupita saa nzima bila kizuizi, na ampea 46 huenda zikapita kwa muda mrefu kabla breka haijaruka. Ucheleweshaji huu umewekwa makusudi, la sivyo kila friji ikianza kuwaka nyumba ingezimika. Lakini una sharti lake: waya ulio mbele ya breka uwe na uwezo wa kuvumilia.

Kabla ya kuuangalia waya, kuna kifaa kimoja kinachofanana na breka ambacho hupiga picha vizuri na kudanganya vizuri. Kina kitufe chenye herufi T, na usoni kimeandikwa, tuseme, 40A pamoja na 0.03A au 30mA. Hicho hukata umeme unaovuja kwenda ardhini, kama mtu anapopigwa na umeme. Ile 40 ni kiasi kinachoweza kupita ndani yake tu, na mzigo ukizidi chenyewe hakiruki. Dalili ya kukitambua ni kukosekana kwa B, C au D mbele ya ampea. Kikiwa na vyote viwili, herufi na miliampea, basi kazi mbili zimeunganishwa katika kifaa kimoja.

Maandishi ya waya yamechapwa kwenye ganda la plastiki na hujirudia kwa urefu wake wote, hivyo picha moja ya karibu huweza kuonyesha nusu tu ya sentensi. Ni vema kupiga kadhaa, mwanga ukitoka ubavuni, kwenye kipande ambacho hakina umeme. Kifuniko cha bodi hakifunguliwi kwa ajili ya picha. Yanayotafutwa ni 450/750V au 300/500V, ambayo ni volteji ganda linayohimili, na 2.5 mm², ambayo ni unene wa shaba kwa milimita za mraba. Ampea za waya hazichapwi. Hilo si uzembe wa kiwanda: waya uleule hubeba kiasi tofauti kulingana na unapopita. Majedwali ya Kiingereza ya BS 7671 huupa waya wa 2.5 ulio ndani ya bomba ampea 24, wa 4 ampea 32, na wa 6 ampea 41, kukiwa na joto la nyuzi 30 na bomba likiwa na saketi moja peke yake. Joto likipanda hadi 40, jambo la kawaida chini ya mabati, kila kiasi huzidishwa kwa 0.87. Saketi mbili zikibanana katika bomba moja, huzidishwa tena kwa 0.80.

Chukua shawa ya umeme inayochemsha maji yanapopita. Picha ya kibandiko chake inaonyesha 5500W na 220V, ya breka C32, na ya waya 2.5 mm², uliopitishwa darini ndani ya bomba. Wati 5,500 ukizigawa kwa 220 unapata ampea 25. Ila nyumba inapewa volti 230, na koili haibadiliki, hivyo mkondo halisi hufika ampea 26. Waya wa 2.5 katika dari la nyuzi 40 unaruhusiwa 21 tu. Kila mtu akioga, waya unazidiwa kwa ampea tano, na breka haitasema lolote kwa sababu 26 bado iko chini ya 32. Mara nyingi hali hii huanza na breka ya ampea 20 iliyokuwa ikiruka katikati ya kuoga. Ilikuwa inasema kweli, lakini ikaondolewa ikawekwa kubwa.

Utaratibu sahihi ni kwamba ampea za kifaa zisizidi za breka, na za breka zisizidi za waya. Shawa ya 26 inahitaji breka ya 32, maana ya 25 imeshapitwa. Waya wa 4 darini humo hubakiwa na ampea 28 hivi, hautoshi kulindwa na breka ya 32. Wa 6 hubakiwa na karibu 36, na huo ndio unaofaa, maadamu bombani uko peke yake.

Hukumu hiyo inaamini kwamba ganda linasema kweli, na hapo picha ya maandishi hufika mwisho wake. Waya wa 2.5 wenye nyuzi saba unapaswa kuwa na nyuzi za kipenyo cha milimita 0.67 hivi. Fundi akipima kipande kilichokatwa akakuta milimita 0.5, shaba iliyomo haifiki hata milimita za mraba 1.4, vyovyote ilivyoandikwa. Uzi ukikwanguliwa kwa kisu ukaonyesha weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na baadhi ya waya hizo huchapwa CCA waziwazi. Alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi na hulegea kwenye skurubu, kwa hiyo ampea za majedwali ya shaba haziihusu. Kulegea kwenyewe hakuonekani katika maandishi, ila picha ya ncha ya waya huweza kukufichua: ganda lililogeuka kahawia na kukakamaa karibu na skurubu huku sehemu nyingine ikiwa safi, maana yake moto unazaliwa kwenye kiungo hicho, hata kama namba zote zimelingana.