Pointi za Msimu Mzima Zinavyojumlishwa

Katika Ligi Kuu ya England, timu 20 hukutana nyumbani na ugenini, kwa hiyo kila moja hucheza mechi 38. Ushindi huleta pointi 3, sare pointi 1, na anayefungwa haambulii kitu. Kabla ya msimu wa 1981/82, ushindi nchini humo ulikuwa wa pointi 2 tu, na sare mbili zilitosha kuufikia.

Everton ya msimu wa 2023/24 ni mfano mzuri, kwa sababu hesabu yake ina mtego. Timu hiyo ilishinda mechi 13, ikatoka sare 9 na kufungwa 16. Kabla ya kugusa pointi, idadi hizo zijumlishwe kwanza: 13, 9 na 16 ni 38. Zisingefika 38, ingekuwa dalili kwamba kuna mechi iliyosahaulika au iliyoandikwa mara mbili. Hapo ndipo safu ya mechi za kufungwa inapofaa, ingawa yenyewe haiongezi pointi hata moja. Kisha 13 mara 3 ni 39. Ukiongeza 9 za sare, jumla ni 48.

Jibu hilo linaweza kuhakikiwa kwa kuanzia juu. Timu inayoshinda mechi zote 38 hupata pointi 114. Kila sare hupoteza 2 kati ya hizo, na kila kufungwa hupoteza 3. Sare 9 za Everton zilipoteza 18, na vipigo 16 vikapoteza 48. Ukitoa 18 na 48 katika 114, zinabaki 48 zilezile. Kwa njia hiyo huonekana pia kwa nini Arsenal ya 2003/04, ambayo haikufungwa hata mara moja, ilimaliza na pointi 90: sare zake 12 ziliigharimu 24.

Hata hivyo, msimamo wa mwisho uliipa Everton pointi 40. Nane zilikatwa kwa kukiuka kanuni za fedha za ligi: adhabu ya kwanza ilikuwa pointi 10, ikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa, kisha zikaongezwa 2 kwa kosa jingine. Ushindi na sare havikufutwa, ndiyo maana anayezidisha na kujumlisha bila kusoma maelezo chini ya jedwali hudhani limekosewa. Kwa pointi 48, Everton ingelingana na Brighton na Bournemouth, na tofauti ya mabao ndiyo ingewapanga. Kwa 40 ilishika nafasi ya 15.

Jedwali zima nalo lina kipimo chake. Mechi yenye mshindi hutoa pointi 3, ya sare hutoa 2 kwa timu zote mbili. Mechi za msimu ni 380, hivyo jumla ya pointi za timu zote lazima iwe 1,140 ukitoa idadi ya mechi za sare. Kwa msimu wa 2023/24 hutolewa pia 8 za Everton na 4 walizokatwa Nottingham Forest.