Andiko Limefika, Bei Haijakubaliwa

Chukua mshauri mwelekezi anayejitegemea mjini Dodoma. Ameomba kazi ya kutathmini mradi wa maji katika wilaya tatu, na andiko lake linataja siku 20: tatu za maandalizi, nne kwa kila wilaya, tano za uchambuzi na ripoti. Kwa shilingi 400,000 kwa siku, jumla ni 8,000,000, mbali na gharama za safari. Shirika likajibu: "Andiko tumelipenda, ila bajeti haifiki hapo. Tutakujulisha." Wiki mbili zimepita kimya.

Hapo wengi hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza huandika, "Naomba kujua mmefikia wapi," swali linalomrudishia meneja mzigo uleule uliomshinda. Wa pili hupunguza bei kabla hajaombwa. Akishuka hadi 320,000 kwa siku, kazi inabaki ileile ya siku 20, na shirika linajifunza kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli. Kazi ijayo mazungumzo yataanzia hapo.

Ujumbe unaosaidia humpa meneja kitu cha kuamua. Mshauri wetu aliandika hivi: "Habari za kazi, Ndugu Meneja. Nimeona namna ya kuikaribia bajeti yenu. Tukitembelea wilaya mbili badala ya tatu, siku zinakuwa 16 na ada shilingi 6,400,000. Tukibaki na tatu, ada ni ileile ya awali. Bei hizi zitadumu hadi tarehe 30. Je, nani mwingine anayeidhinisha, ili nimwandalie mchanganuo?"

Kilichopungua ni kazi. Thamani ya siku moja haikuguswa. Tarehe ya mwisho nayo inamkinga mshauri asishikilie ratiba yake bila malipo. Swali la mwisho lina uzito wake, kwa sababu mara nyingi anayelipenda andiko ni ofisa wa mradi, lakini anayelikwamisha ni mhasibu au idara ya manunuzi, ambao hawajawahi kuona hesabu ya siku.

Kabla ya kukubali, aulize pia kama kiasi hicho ni kabla ya kodi ya zuio. Kwa mshauri mkazi wa Tanzania, mlipaji hukata asilimia 5 ya ada. Katika 6,400,000 ni 320,000, hivyo mkononi zinafika 6,080,000. Adai hati ya makato hayo, kwani huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka.

Wakati akisubiri, lipo ombi moja la kukataa kwa upole: "Tuanzie dodoso, mengine tutamalizana." Dodoso likishakabidhiwa, shirika halina tena haraka ya kuamua bei. Jibu lake liwe: "Dodoso litaanza siku mkataba utakaposainiwa."