Mabaki yaliyofichwa ndani ya tan x − sin x

Wanaoanza kusoma vikomo hukutana mapema na swali hili: x ikikaribia sifuri, (tan x − sin x)/x³ hukaribia namba gani? Ukiweka sifuri moja kwa moja unapata 0/0, na hapo hujajua kitu. Wengi hukimbilia njia ya mkato. Kwa x ndogo iliyopimwa kwa radiani, tan x na sin x zote zinakaribiana sana na x. Wanaweka x mahali pa kila moja, juu inabaki x − x, na wanaandika 0.

Kikokotoo kinakataa. Kwa x = 0.1, tan x ni 0.100335 na sin x ni 0.099833. Toa, kisha gawanya kwa 0.001: unapata kama 0.50. Ukishuka hadi x = 0.01, jibu bado ni hilohilo.

Kosa liko wapi? Tunapoandika sin x ~ x, tunasema tu kwamba sin x ikigawanywa kwa x, jibu hukaribia 1. Mabaki hayatajwi. Alama ya o ndogo, aliyoitumia Mjerumani Edmund Landau katika kitabu chake cha 1909 kuhusu namba tasa, huyaweka mabaki hayo wazi: o(x) ni kitu chochote ambacho, kikigawanywa kwa x, huelekea sifuri. Kwa hiyo tan x = x + o(x), na sin x = x + o(x). Ukitoa, x zinafutana, lakini mabaki hayafutani, kwa sababu o(x) mbili si lazima ziwe kitu kimoja. Kinachobaki ni o(x), nacho kikigawanywa kwa x³ kinaweza kuwa chochote: sifuri, nusu, hata kukua bila kikomo.

Dawa ni kushuka hadi kipeo kilichoko kwenye asili ya sehemu:

tan x = x + x³/3 + o(x³)
sin x = x − x³/6 + o(x³)

Sasa tofauti ni x³/2 + o(x³). Gawanya kwa x³, na kikomo ni 1/2.

Ipo njia fupi zaidi, na ni halali. Andika tan x − sin x kama tan x · (1 − cos x). Hapa tan x ~ x, na 1 − cos x ~ x²/2, hivyo zao lake ni ~ x³/2. Katika kuzidisha na kugawanya, kubadilishana huku hakuna hatari, maana uwiano unaokaribia 1 ukizidishwa kwa mwingine wa aina hiyo, zao nalo hukaribia 1. Kujumlisha nako hakuna shida mradi vichwa visifutane: tan x + sin x ~ 2x.

Penye vipeo, tahadhari ni ileile. Kwa n kubwa, n² + n ~ n², lakini e^(n² + n) ni kubwa kuliko e^(n²) mara e^n, na pengo hilo linazidi kupanuka kadiri n inavyokua.