Ujumbe Mmoja Mbovu Unavyoziba Foleni Nzima

Foleni ya kazi ni mahali ambapo programu moja huacha maagizo ili nyingine iyatekeleze baadaye. Mteja anapolipia bidhaa kwa simu, seva iliyopokea malipo haimsubirishi hadi risiti iandaliwe na kutumwa kwa SMS. Huandika ujumbe wenye namba ya simu, kiasi na namba ya muamala, ikauweka kwenye foleni, kisha ikamjibu mteja papo hapo. Pembeni kuna programu tendaji ambayo kazi yake ni moja tu: kuchukua ujumbe ulio mbele, kutuma risiti, na kurudi kuchukua unaofuata.

Kati ya hizo mbili yupo mtunza foleni. Anayetumika sana ni RabbitMQ, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2007. Mtunza foleni hafuti ujumbe kwa sababu tu umechukuliwa. Huuhesabu kuwa uko mkononi mwa programu tendaji mpaka programu hiyo ikiri kwamba kazi imekwisha. Programu ikizimika kabla ya kukiri, au ikiukataa ujumbe na kuomba urudishwe, ujumbe hurudi kwenye foleni ili ujaribiwe tena. Utaratibu huu umewekwa kwa nia njema kabisa: umeme ukikatika au mtandao ukiyumba, risiti ya mteja haipotei. Tatizo ni kwamba utaratibu huohuo hauwezi kutofautisha kazi iliyoshindikana kwa bahati mbaya na kazi isiyowezekana hata ikijaribiwa mwaka mzima.

Kwenye foleni ya RabbitMQ ya aina ya `classic`, ujumbe uliorudishwa hauendi nyuma. Mtunza foleni hujitahidi kuuweka palepale ulipokuwa, yaani mbele kabisa. Programu tendaji ikiwa moja, na ikiwa inachukua ujumbe mmoja kwa wakati, basi itakachopewa sekunde ileile ni ujumbe uleule ilioukataa. Huo ndio unaoitwa ujumbe wa sumu. Foleni haijasimama kwa kukosa nguvu. Inafanya kazi bila kupumzika, lakini kazi yenyewe ni moja isiyokwisha.

Mfano wa duka la mtandaoni unaonyesha jinsi kosa dogo linavyotosha. Programu ya risiti imeandikwa kwa Python, na inatarajia kiasi cha fedha kiwe tarakimu tupu, kama 12500. Usiku mmoja, saa 8:15, sehemu ya mfumo iliyofanyiwa marekebisho inaweka kiasi chenye mkato wa maelfu:

```
int("12,500")
ValueError: invalid literal for int() with base 10: '12,500'
```

Programu inashindwa kusoma namba, inaukataa ujumbe, unarudi mbele ya foleni, unachukuliwa tena. Ikiwa kila jaribio linachukua moja ya tano ya sekunde, hayo ni majaribio 5 kwa sekunde. Hadi mafundi wanapofika ofisini saa 2:15 asubuhi, saa sita zimepita na ujumbe huo umejaribiwa mara 108,000. Wakati huohuo wanunuzi wa usiku wameendelea kulipa, tuseme watano kwa dakika. Risiti 1,800 zisizo na kasoro yoyote ziko nyuma yake, na hakuna hata moja iliyoguswa.

Dalili za hali hii hupotosha. Seva ziko hewani, programu tendaji iko hai, na malipo yanapokelewa kama kawaida, hivyo mitambo ya kufuatilia uhai wa seva haipigi kengele. Wa kwanza kujua huwa ni wateja wanaouliza risiti zao. Fundi anayejua pa kutazama huanza na amri hii:

```
rabbitmqctl list_queues name messages_ready \
  messages_unacknowledged consumers

risiti   1800   1   1
```

Namba ya kwanza ni jumbe zinazosubiri, ya pili ni zilizo mkononi bila kukiriwa, na ya tatu ni idadi ya programu tendaji. Foleni iliyoelemewa na kazi nyingi tu nayo ingeonyesha namba kubwa ya kwanza, kwa hiyo picha moja haitoshi. Tofauti huonekana kwenye mwendo. Foleni iliyoelemewa bado ina jumbe zinazokamilika. Iliyozibwa haina hata mmoja, na kumbukumbu za programu zimejaa kosa lilelile lenye namba ileile ya muamala, mstari baada ya mstari. Namba hiyo ya muamala ikijirudia, uchunguzi umekwisha.

Jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuizima programu tendaji na kuiwasha upya. Haisaidii, kwa kuwa kuizima ni njia nyingine ya kuurudisha ujumbe mbele ya foleni. La pili ni baya zaidi, nalo ni kumwaga foleni yote kwa amri ya `rabbitmqctl purge_queue`. Amri hiyo hufuta jumbe zinazosubiri tu, wala haigusi ule ulio mkononi mwa programu. Anayeitoa huku programu inazunguka anaweza kufuta risiti 1,800 nzima na kumbakiza mwenye kosa. Amri hiyo isitumike kamwe kuokoa foleni yenye kazi za wateja.

Njia salama huanza kwa kuisimamisha programu tendaji, ili ujumbe uachiwe na utulie mbele. Kisha fundi hutazama ulio mbele bila kuuondoa:

```
rabbitmqadmin get queue=risiti \
  ackmode=ack_requeue_true count=1
```

Namba ya muamala ikilingana na ile ya kwenye kumbukumbu, yaliyomo hunakiliwa na kuhifadhiwa kwenye faili. Ndipo amri hurudiwa kwa `ackmode=ack_requeue_false`, ambayo huuondoa ujumbe huo mmoja moja kwa moja. Programu ikiwashwa, risiti 1,800 huanza kutoka. Mteja wa saa 8:15 usiku naye bado ana haki ya risiti yake, na ndiyo maana nakala ilihifadhiwa: kiasi kitasahihishwa na ujumbe utarudishwa foleni.

Hata hivyo, kuokoa foleni kwa mkono hakuzuii usiku mwingine kama huo. Kasoro ya msingi ni kwamba hakuna anayehesabu majaribio. Kwenye foleni ya `classic`, ujumbe uliowahi kutolewa hubeba alama ya `redelivered`, lakini alama hiyo husema ndiyo au hapana tu. Ujumbe uliojaribiwa mara 2 na uliojaribiwa mara 108,000 hufanana. Foleni za aina ya `quorum`, zilizoletwa na toleo la 3.8 mwaka 2019, huweka hesabu, na huweza kupewa kikomo. Tangu toleo la 4.0 kikomo hicho ni 20 hata kama hakuna aliyekiweka. Ujumbe ukifika kikomo huondolewa kwenye foleni, na hapo pana mtego: usipoelekezwa pa kwenda, hutupwa. Ni lazima kuandaliwe foleni ya pembeni ya kuupokea, ambayo mafundi huiita foleni ya jumbe mfu, kwa mfano wa barua ambazo posta imeshindwa kuzifikisha wala kuzirudisha. Kwa foleni ya risiti ya aina ya `quorum`, sharti hilo huwekwa hivi:

```
rabbitmqctl set_policy risiti "^risiti$" \
  '{"delivery-limit":5,"dead-letter-exchange":"mfu"}' \
  --apply-to queues
```

Njia iitwayo `mfu` iwe imeshatengenezwa na kuunganishwa na foleni yake kabla ya hapo. Isipokuwepo, jumbe hupotea kimyakimya. Foleni ya jumbe mfu nayo ihitaji macho ya mtu. Ujumbe hata mmoja ukiingia humo, simu ya fundi wa zamu ilie, maana ni risiti ya mtu.

Kikomo peke yake kinaweza kuleta madhara mengine. Tuseme mtambo wa kampuni ya simu unaopeleka SMS umezimika kwa dakika kumi. Sasa si ujumbe mmoja unaoshindikana, bali kila ujumbe, na hakuna wenye kosa. Majaribio matano ya papo kwa papo huisha kwa sekunde moja, na ndani ya dakika chache jumbe nzuri zote zimehamia kwa zilizokufa. Kwa hiyo programu tendaji inapaswa kuangalia aina ya kosa. Namba isiyosomeka haitasomeka hata kesho, hivyo ujumbe wake upelekwe pembeni mara ya kwanza tu, bila kujaribiwa tena. Mtandao usiojibu unahitaji subira: jaribio la pili baada ya sekunde 30, la tatu baada ya dakika 2, la nne baada ya dakika 10, huku ujumbe ukisubiri kwenye foleni nyingine na kuziachia njia zilizo nyuma yake.

Wapo wanaodhani kuongeza programu tendaji kunatosha. Zikiwa nne, ujumbe mmoja wa sumu huishika moja na tatu huendelea, kwa hiyo foleni husogea na kosa hujificha. Lakini marekebisho yaliyozaa kiasi chenye mkato mara moja yatazaa vingine. Wa nne ukifika, programu zote nne zimeshikwa, na kwa mara hii kumbukumbu zina namba nne za miamala zinazopishana, jambo linalofanya kosa liwe gumu zaidi kulitambua.

Ukorofi mwingine hutokana na mahali kosa linapotokea. Kwenye mfano huu programu ilishindwa kabla ya kutuma chochote. Kama ingetuma SMS kwanza, kisha ikashindwa kuandika kwenye hifadhidata kwamba imetuma, kila jaribio lingekuwa SMS nyingine kwa mteja yuleyule, usiku kucha, na kila moja ina gharama. Kinga yake ni programu kuhakiki kwa namba ya muamala kama risiti imeshatoka kabla ya kutuma nyingine.

Mwisho, zipo foleni ambazo ujumbe mbovu hauwezi kurukwa hivihivi. Risiti hazitegemeani, lakini maingizo ya akaunti hutegemeana: ukiruka ujumbe wa kuweka fedha, ule wa kutoa unaofuata utakataliwa kwa salio lisilotosha, ingawa mwenye akaunti ana fedha. Hapo kinachosimamishwa ni akaunti husika pekee. Jumbe zake zote, mbovu na zilizo nyuma yake, huwekwa pembeni kwa mpangilio wake hadi fundi aurekebishe wa kwanza, na akaunti nyingine zote huendelea kuhudumiwa.